UZI: PDF ya Kiswahili imefeli ukaguzi wa ufikivu, nimerekebisha makosa sita yakaibuka mengine manne, wajuzi mnisaidie

Zabibu Kwetu
Wakuu heshima yenu. Niko Dodoma, kwenye kashirika kadogo kanakofanya kazi na wakulima wa zabibu huku Mpunguzi, Hombolo na Bihawana. Tumeandaa mwongozo wa kurasa 34 kwa Kiswahili, una picha, una majedwali, una viboksi vya tahadhari, kila kitu. Mfadhili ameurudisha, anasema hapokei PDF ambayo haijapita ukaguzi wa ufikivu, yaani ambayo mtu asiyeona hawezi kuisoma kwa skrini rida, na kwa kweli ana haki coz kwenye vikundi vyetu tunao wakulima wenye uoni hafifu na mmoja haoni kabisa.

Ofisini tuna Acrobat Pro. Nikafungua faili, nikaenda All tools, Prepare for accessibility, halafu Check for accessibility, nikaacha mipangilio kama ilivyo nikabonyeza Start Checking. Ripoti ikaja hivi: Needs manual check 2, Skipped 1, Passed 23, Failed 6. Zilizofeli ni Tagged PDF, Primary language, Title, Bookmarks, Tagged content na Tab order.

Nikaona sita sio mbaya. Nikapitia moja moja, raiti kliki halafu Fix, na kwenye tegi nikatumia Autotag document. Nikakagua upya. Zile sita zimepita ila sasa kuna nne mpya, Figures alternate text, Headers, Regularity na Appropriate nesting, na hizi nne mwanzo zilikuwa zimeandikwa Passed! Sijagusa picha wala jedwali. Kwanini kitu kilichopita kinafeli baada ya kurekebisha kingine?

Kisasa Boy
Mkuu hiyo ndogo sana. Kwenye Figures raiti kliki, Fix, itakuletea kila picha na kiboksi cha kuandika maelezo, we jaza chochote itapita. Kwenye hayo ya jedwali raiti kliki chagua Skip Rule. Dakika kumi umemaliza, mfadhili anaangalia ripoti tu hasomi faili lako.

Dada wa Nkuhungu
Zabibu Kwetu shikamoo kwanza kama ni mkubwa kwangu. Mimi nafanya kazi ya kupanga vitabu na ripoti hapa mjini na hili swali lako naulizwa karibu na kila anayeanza, kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Faili lako la mwanzo halikuwa na tegi hata moja. Tegi ndiyo inayoiambia mashine hiki ni kichwa cha habari, hiki ni aya, hiki ni picha, hili ni jedwali. Kama hakuna tegi, kwa upande wa kikaguzi ndani ya faili hakuna picha wala jedwali, kwa hiyo anapofika kwenye kanuni inayosema kila picha iwe na maelezo, anatafuta picha, hazioni, anaandika Passed. Na kwenye jedwali ni hivyo hivyo. Zile Passed 23 zako nyingi zilipita kwa sababu hakukuwa na cha kukagua. Ulipobonyeza Autotag, Acrobat ikakisia hiki ni Figure, hiki ni Table, na hapo ndo kanuni zikapata cha kushika. Kwa hiyo hujaharibu kitu, sasa ndo unaona hali halisi ya faili.

Sasa naomba unijibu mawili kabla hujaendelea. PDF hiyo imetoka wapi, Word au? Na mliitengeneza kwa Save As au kwa kuprinti?

Zabibu Kwetu
Marahaba dada. Imetoka Word, ninayo. Aliyeiandaa aliingia Print akachagua Microsoft Print to PDF, ndo tunavyofanya siku zote.

Dada wa Nkuhungu
Ndo hapo. Print to PDF inachora kurasa tu kama vile inapeleka karatasi kwenye printa, muundo wote wa Word unabaki nyuma. Hedingi zako, majedwali yako, hata linki, vyote vinageuka kuwa herufi zilizokaa mahali fulani kwenye ukurasa. Ndo maana Autotag ikabidi ikisie, na kukisia kwake kwenye jedwali ni kubaya mno.

Ushauri wangu achana na hiyo PDF kabisa, usihangaike kuipaka dawa. Rudi Word, rekebisha huko, halafu utoe upya kwa File, Save As, chagua PDF, bonyeza More options, ndani ya Options weka tiki kwenye Document structure tags for accessibility na kwenye Create bookmarks using, uchague Headings. Hiyo ya pili ni ya Bookmarks, maana Acrobat inazidai faili likizidi kurasa 20. Ukirekebisha ndani ya PDF, siku mwenzio akibadilisha bei ya miche kwenye Word na kutoa PDF mpya, kazi yako yote imepotea.

Kisasa Boy
Dada na Autotag ipo ya nini sasa kama kila mtu arudi Word? Kuna watu hawana Word, wana PDF tu.

Dada wa Nkuhungu
Kaka hapo uko sawa. Kama chanzo kimepotea kabisa Autotag ni mahali pa kuanzia, na kwa barua ya ukurasa mmoja yenye aya tupu huwa inafanya vizuri. Lakini yeye chanzo anacho. Na hiyo Skip Rule haibadilishi kitu ndani ya faili, inaandika tu kwenye ripoti kwamba kanuni imerukwa. Mfadhili akikagua faili kwa kompyuta yake mwenyewe itamtolea Failed pale pale.

Mtendaji wa Kongwa
Habari za majukumu. Na mimi nina shida hiyo hiyo ya PDF. Nina tangazo la mkutano wa kijiji nimeskani, lina muhuri na saini, nikitaka kukopi maandishi nipeleke kwenye kundi la WhatsApp inagoma, inachagua ukurasa mzima kama picha. Je nayo ni hizo tegi?

Bahi Road
Mtendaji hiyo ni nyingine kabisa. Hiyo ni picha ya karatasi ndani ya PDF, kikaguzi kitakuambia Image-only PDF imefeli. Unatakiwa uipitishe kwenye OCR ili herufi zitambulike. Acrobat Pro inayo, ipo kwenye Scan & OCR. Kama huna na una Linux au una kijana anayejua Ubuntu hii ni bure na ina Kiswahili:

```
sudo apt install ocrmypdf tesseract-ocr-swa
ocrmypdf -l swa tangazo.pdf tangazo-ocr.pdf
```

Hapo utaweza kukopi. Ila muhuri ukikaa juu ya maandishi atasoma matakataka, lazima upitie kwa macho.

Dada wa Nkuhungu
Niongezee tu kwa mtendaji, OCR inaweka maandishi nyuma ya picha, haiweki hedingi wala majedwali. Kwa tangazo, kama bado una lile faili la Word ulilochapa kabla ya kugonga muhuri, toa hilo kama PDF na uliweke pamoja na skani. Watu wasome hilo, skani ibaki ushahidi.

Mtendaji wa Kongwa
Ninalo ndiyo. Ila wengine huku wanasema lisilo na muhuri sio tangazo rasmi, likisambaa lenyewe italeta maneno.

Msikilizaji Chamwino
Wakuu naomba niingie. Mimi sioni, nilisoma Buigiri na sasa hivi natumia skrini rida ya NVDA kwenye laptopu kila siku, barua pepe, matangazo ya kazi, kila kitu. Zabibu Kwetu kama hautojali tuma hilo faili la sasa lenye Autotag nilisikilize nikwambie nasikia nini, maana ripoti ya Acrobat ni jambo moja na masikio ni jambo jingine.

Zabibu Kwetu
Nakushukuru sana kaka, nimekutumia PM.

Msikilizaji Chamwino
Nimesikiliza. Nasema nilichosikia bila kupamba.

Kwanza sauti. Faili limeanza kusomwa kwa sauti ya Kiingereza, yaani maneno ya Kiswahili yanatamkwa kizungu, "mche" na "chipukizi" sikuyaelewa mpaka niliporudia herufi kwa herufi. Mimi NVDA yangu inabadilisha sauti yenyewe kufuata lugha iliyoandikwa kwenye faili, na sauti ya eSpeak ya Kiswahili ipo na ni bure. Faili lako limejitambulisha ni la Kiingereza, ndo maana. Primary language imepita kwenye ripoti yako kwa sababu lugha ipo, kikaguzi hakijui kama ni lugha yenyewe.

Pili jedwali la ukurasa wa 12, lile la mavuno. Nikaingia ndani kwa Ctrl+Alt na mishale, nikafika kwenye seli inasema "1,850" halafu basi. Elfu moja mia nane hamsini ya nini? Ya kata gani, ya mwaka gani? Jedwali likiwa limetengenezwa vizuri nikihamia seli ya pembeni naambiwa kichwa cha safu halafu namba, nikishuka chini naambiwa jina la mstari. Hapa nilikuwa nahesabu safu kwa vidole.

Tatu na hii ndo imenitisha, ukurasa wa 19, kupiga salfa kwa ajili ya ubwiriunga. Nimesikia hatua zote mpaka mwisho, kuchanganya, kupiga, kuosha bomba, halafu ukurasa unakaribia kuisha ndo nasikia "TAHADHARI usipige salfa jua likiwa kali, majani yataungua". Sasa mkulima anayesikiliza huku anafuata hatua, hiyo tahadhari imemkuta shambani ameshamaliza kupiga.

Mama Ntyuka
Kaka umesema ukweli mtupu. Hapo kwenye jua kali kwa Dodoma yetu hii majani yanaungua kweli.

Zabibu Kwetu
Hilo la tahadhari limeniuma. Kwenye karatasi kiboksi kiko juu kulia, pembeni ya hatua ya kwanza, kina rangi nyekundu, mtu anayeona anakiona kabla ya kitu chochote. Na kwenye ripoti hakuna Failed ya hilo!

Dada wa Nkuhungu
Haitakuwepo. Angalia zile Needs manual check 2, moja ni Logical Reading Order na nyingine ni Color contrast. Hizo mbili Acrobat haijaribu hata kukisia, kila faili utakalokagua duniani zitakuja hivyo mpaka mtu akague mwenyewe halafu araiti kliki aseme Pass. Wengi wanabonyeza Pass bila kuangalia. Kosa kubwa kuliko yote kwenye faili lako lilikuwa limekaa humo.

Twende Word sasa, na tuanze na hicho kiboksi. Hicho ni Text Box inayoelea. Kiboksi kinachoelea kina nanga, imefungwa kwenye aya fulani, na kwenye PDF mara nyingi kinasomwa kufuata ile nanga na sio kule macho yanakokiona. Bonyeza kiboksi, utaona kialama cha nanga kushoto kwenye ukingo, kama hakionekani washa Show/Hide ile ¶. Naamini utakikuta kwenye aya ya mwisho ya ukurasa. Unaweza kukiburuta, lakini mimi huwa sichezi na nanga, nafuta kiboksi chote, naandika tahadhari kama aya ya kawaida kabla ya hatua ya kwanza, naipa mipaka na rangi ya nyuma kupitia Borders and Shading. Kwa macho inabaki boksi lile lile, ila ndani ni aya iliyopo kwenye foleni na wenzake na haiwezi kuruka mstari.

Picha nazo zote zinazoelea zifanye In Line with Text. Word yenyewe ukienda Review, Check Accessibility itakuorodheshea zinazoelea, itumie hiyo kabla ya kutoa PDF maana inakupunguzia nusu ya kazi.

Zabibu Kwetu
Ni kweli nanga ilikuwa chini kabisa, kwenye aya ya kuosha bomba! Nimefanya ulivyosema kwenye viboksi vyote. Vipi lugha na lile jedwali?

Dada wa Nkuhungu
Lugha: Ctrl+A uchague maandishi yote, Review, Language, Set Proofing Language, tafuta Kiswahili. Kama kuna muhtasari wa Kiingereza kwa ajili ya mfadhili, chagua huo peke yake uuweke English. Ukishatoa PDF hakikisha kwa Ctrl+D, kichupo cha Advanced, chini kuna Language. Ile orodha ya pale ni fupi na watu wakikosa Kiswahili wanachagua Kiingereza ili ipite, lakini pale unaruhusiwa kuandika mwenyewe, andika `sw` tu inatosha.

Ukiwa hapo hapo malizia na Title. Kwenye Word ni File, Info, sehemu ya Title, andika jina la mwongozo kama linavyosomeka kwenye jalada. Maana bila hivyo skrini rida inamsomea mtu jina la faili, na mafaili yetu tunayajua yanavyoitwa, MWONGOZO_FINAL_FINAL2.

Kisasa Boy
Na hedingi? Mimi naona zake ni nzuri tu, bold, saizi 16, rangi ya zambarau.

Msikilizaji Chamwino
Kaka bold siisikii. Mimi nikifungua faili la kurasa 34 nabonyeza H nirukie kwenye hedingi, H, H, H, mpaka nifike kwenye sura ninayoitaka, kama wewe unavyopitisha macho kwenye yaliyomo. Kwenye faili hili nilibonyeza H nikapelekwa kwenye maelezo ya picha na kwenye namba ya simu ya ofisi, kwa sababu nayo iliandikwa kwa herufi kubwa nene na Autotag ikadhani ni kichwa cha habari.

Dada wa Nkuhungu
Ndo hiyo Appropriate nesting, Autotag ilikisia H1 halafu ikaruka kwenye H3. Tumia Heading 1 kwa sura, Heading 2 kwa vipengele vyake, usiruke. Kama rangi ya zambarau unaipenda, raiti kliki kwenye staili yenyewe, Modify, uweke zambarau humo, zote zitabadilika.

Sasa jedwali, hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wengi wanakata tamaa. Zabibu Kwetu naomba unieleze lilivyo.

Zabibu Kwetu
Safu ya kwanza Kata, imeunganishwa kwenda chini, yaani Mpunguzi imeandikwa mara moja ikashika mistari mitatu ya vikundi vyake. Safu ya pili Kikundi. Halafu kuna kichwa kikubwa "Mavuno kwa kilo" kimekaa juu ya safu mbili, chini yake 2023 na 2024. Mwisho Maoni. Katikati ya kata moja na nyingine kuna mstari mtupu tumeuacha ili lisibanane.

Dada wa Nkuhungu
Sawa. Headers imefeli kwa sababu hakuna seli hata moja iliyotambulishwa kuwa kichwa, zote ni data tu. Regularity imefeli kwa sababu mistari haina idadi sawa ya safu, mmoja una tano, mwingine nne, mwingine mbili, kutokana na zile seli ulizounganisha ambazo Autotag haikujua zinashika nafasi ngapi. Ukitoka Word moja kwa moja Regularity inaweza kupita hata na seli zilizounganishwa, lakini kupita huko hakumsaidii Msikilizaji, bado atapotea akifika kwenye kichwa cha ghorofa mbili.

Livunje hivi. Ondoa kile kichwa kikubwa, badala yake safu ziitwe "Mavuno 2023 (kilo)" na "Mavuno 2024 (kilo)", mstari mmoja wa vichwa basi. Safu ya Kata itenganishe kwa Split Cells na uandike Mpunguzi kwenye kila mstari wake, ndiyo inajirudia, acha ijirudie. Mistari mitupu ifute, nafasi unayotaka iweke kwa Cell Margins au kwa urefu wa mstari. Halafu bonyeza ndani ya mstari wa kwanza, nenda Table Layout, bonyeza Repeat Header Rows, na kwenye Table Design hakikisha Header Row ina tiki. Hiyo Repeat Header Rows ina kazi mbili, jedwali likivuka ukurasa vichwa vinajirudia juu, na kwenye PDF zile seli zinatoka kama vichwa kweli, tegi ya TH badala ya TD.

Ukishatoa PDF fungua paneli ya Accessibility tags pembeni, shuka mpaka kwenye Table, fungua TR ya kwanza, yaani mstari wa kwanza, unatakiwa uone TH tano. Ukiona TD ujue Repeat Header Rows haikushika, mara nyingi ni kwa sababu jedwali limewekwa Text wrapping Around, lirudishe None kwenye Table Properties.

Kisasa Boy
Hapa nimejifunza. Ila kuna moja, Summary. Kwenye ripoti ipo Summary ya jedwali imeandikwa Skipped. Hiyo lazima ijazwe, kila jedwali liwe na muhtasari, nimewahi kuona kwenye mafunzo.

Dada wa Nkuhungu
Mimi siijazi. Kiwango cha PDF/UA hakiidai, na Acrobat yenyewe ukiiacha mipangilio ya kawaida inairuka, ndo hiyo Skipped 1. Sentensi moja juu ya jedwali inayosema jedwali linaonyesha nini inamsaidia kila mtu, anayeona na asiyeona.

Msikilizaji Chamwino
Mimi naipenda ikiwepo kwenye majedwali makubwa, siwezi kusema uongo. Kwa haya ya safu tano sentensi ya juu inatosha.

Kisasa Boy
Basi kwa mfadhili mimi ningejaza tu nisiulizwe.

Zabibu Kwetu
Nimetoa PDF mpya, sijagusa Autotag safari hii. Failed imebaki moja tu, Figures alternate text. Picha ni 22. Naandikaje? Sasa hivi zina maelezo yale niliyojaza baadhi, "picha", nyingine nilipesti jina la faili, IMG-WA0012.

Msikilizaji Chamwino
Kikaguzi kitapitisha hata "IMG-WA0012". Mimi nitasikia "mchoro, ai em ji, dabliu ei, sifuri sifuri kumi na mbili". Usiandike "picha ya" mwanzoni, nashaambiwa kuwa ni picha. Niambie kile ambacho picha imewekwa ili kukifundisha.

Dada wa Nkuhungu
Chukua ile ya kupogoa ukurasa wa 9. Mtu angeandika "Mkulima shambani". Lakini ukurasa unafundisha mahali pa kukata, kwa hiyo andika kitu kama "Mkasi umewekwa juu kidogo ya jicho la pili kutoka kwenye shina, mkato umelala upande wa pili wa jicho". Angalia na mtaalamu wenu kama ndo mnavyofundisha, mimi nimesoma tu picha. Ile ya mkutano wa kikundi watu wamesimama, kama aya imeshasema kikundi kilikutana, haina jipya. Logo kwenye kila ukurasa, mistari ya mapambo, majani ya zabibu ya kwenye kona, hizo ingia View Alt Text uweke tiki Mark as decorative, asisikie kabisa. Grafu ya bei, andika bei ilipanda au ilishuka lini, na namba zenyewe ziwe kwenye jedwali chini yake.

Yote haya yafanyie Word ili yasipotee.

Bahi Road
Kwa wasio na Acrobat Pro, maana Reader ya bure haikagui, kuna PAC, ni ya bure, ya Windows tu. Unaburuta faili ndani inakagua. Ina kitu kinaitwa Screen Reader Preview, inakuonyesha faili kama orodha kwa mpangilio utakaosomwa, ile tahadhari ya salfa ungeiona imekaa chini kabisa hata kama huna skrini rida. Na LibreOffice Writer nayo inatoa PDF yenye tegi, kwenye Export as PDF kuna Universal Accessibility (PDF/UA), weka tiki.

Zabibu Kwetu
Nimepitisha PAC. Acrobat sasa Failed 0, ila PAC inasema bado sijapita, inadai PDF/UA identifier haipo, na kuna makosa ya rangi kwenye vichwa vya majedwali, maandishi meupe juu ya kijani cha majani machanga.

Dada wa Nkuhungu
Rangi irekebishe, kijani kikolezwe mpaka uwiano ufike 4.5 kwa 1, hiyo inasaidia hata anayesoma kwenye simu juani. Ile identifier ni tangazo tu ndani ya faili kwamba linafuata kiwango cha PDF/UA, haiongezi kitu kwa msomaji. Muulize mfadhili anadai nini, kama ni ripoti ya Acrobat umemaliza, kama ni PDF/UA kamili basi itabidi ikawekwe.

Mama Ntyuka
Jamani na mimi ya kwangu. Nina kitabu cha hadithi cha shule, kilichapwa zamani kwenye kompyuta ya mtu, Acrobat inasema Character encoding Failed na nikikopi "ng'ombe" inatoka viboksi. Chanzo hakipo, mchapaji alishahama Dodoma. Nimejaribu Fix haikubali.

Dada wa Nkuhungu
Mama hiyo ni fonti, umbo la herufi lipo lakini mashine haijaambiwa ni herufi gani. Fix haina uwezo kwa hilo. Njia ambayo huwa inafanya kazi ni kugeuza kurasa ziwe picha halafu OCR ya Kiswahili aliyoweka Bahi Road, kisha kusoma neno kwa neno. Au kuchapa upya. Kitabu kina kurasa ngapi?

Mama Ntyuka
Sitini na nne, na michoro.

Bahi Road
Mama tuma kurasa mbili za mwanzo nizijaribu OCR leo usiku, tuone "ng'" inatokaje, hapo ndo pana shida mara nyingi.

Msikilizaji Chamwino
Zabibu Kwetu, faili jipya limefika, sauti ni ya Kiswahili na H inafanya kazi. Jedwali la 12 sasa nasikia "Mavuno 2024 kilo, 1,850", safi. Jina la kata bado silisikii nikishuka chini kwenye safu ile, inabidi nirudi kushoto. Na ukurasa wa 27 namba za simu za mabwana shamba umezipanga kwa kutumia Tab badala ya jedwali, zinasomwa majina na namba kwa mkupuo, hapo rudi tena.

Zabibu Kwetu
Ya 27 naifanya sasa hivi. Hilo la jina la kata, dada Nkuhungu, linafanywa Word au ndani ya Acrobat?

Dada wa Nkuhungu
Kwenye Word weka tiki First Column pale Table Design, jaribu kwanza hivyo. Matoleo yanatofautiana, mengine yanaitoa kama kichwa cha mstari mengine haitoi, kwa hiyo fungua tegi uangalie. Ikikataa, hiyo peke yake ifanyie Acrobat mwisho kabisa, Fix reading order, Table Editor, raiti kliki kwenye seli ya Mpunguzi, Table Cell Properties, Header Cell, Scope iwe Row. Rudia kwa kila seli ya safu hiyo. Nitakuwepo jioni kama ukikwama.